Sita ya Vijiko na Sita ya Hatua

Muuguzi wa zahanati moja anaandaa karatasi ya kuwapa akina mama wanaoleta watoto wenye kuhara. Ni nusu ya A4, kwa sababu A4 nzima ikikatwa katikati hutoa karatasi mbili na gharama ya fotokopi hupungua kwa nusu. Maelezo ni yale yale yanayojulikana tangu zamani: jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi nyumbani pale pakiti ya ORS inapokosekana. Nafasi ni finyu, kwa hiyo badala ya kushusha kila hatua mstari mpya anaziandika mfululizo:

1. Nawa mikono kwa sabuni. 2. Pima maji safi ya kunywa lita 1. 3. Tia sukari vijiko vya chai 6. 4. Tia chumvi kijiko cha chai 1/2. 5. Koroga mpaka viyeyuke. 6. Tumia ndani ya saa 24. 7. Kinachobaki mwaga.

Aliyeandika haoni tatizo, kwa sababu anajua alichokusudia. Msomaji asiyejua kipimo ndiye anayekwama. "Vijiko vya chai 6. 4." Ni vijiko sita, au sita nukta nne? "Lita 1. 3." Ni lita moja, au lita moja na ushei? Karatasi ikishatolewa fotokopi mara mbili tatu, nukta ndogo ndiyo ya kwanza kufifia, na kinachobaki ni "vijiko vya chai 6 4". Ile ya mwisho, "saa 24. 7", inachekesha tu. Ya chumvi haichekeshi, kwa sababu chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji.

Wanaoandika kwa Kiingereza hawakutani na mgongano huu kwa kiasi hicho. Wao husema idadi kwanza, kitu baadaye, kwa hiyo sentensi ya kipimo kwa kawaida huishia kwenye neno. Kiswahili hutanguliza kitu: lita 1, vijiko 6, saa 24, vidonge 2. Hatua nyingi za vipimo huishia kwenye tarakimu, na mara tu baada ya tarakimu hiyo inakuja tarakimu nyingine inayohesabu hatua. Namba mbili zenye kazi tofauti zinakaa bega kwa bega zikiwa zimevaa sare moja.

Kuziweka hatua kila moja kwenye mstari wake husaidia, lakini hakumalizi jambo. Kwenye karatasi nyembamba, kompyuta hukata mstari pale nafasi inapoisha. Ikitokea mstari ukaishia kwenye "vijiko vya chai", ile 6 inateremka peke yake mwanzoni mwa mstari unaofuata, chini kabisa ya namba za hatua. Anayepitisha jicho pembeni kuhesabu hatua anasoma 1, 2, 3, 6, 4.

Dawa ya mgongano huu ni kuivua sare namba ya hatua, na njia rahisi kuliko zote ni kuiweka ndani ya duara:

① Nawa mikono kwa sabuni. ② Pima maji safi ya kunywa lita 1. ③ Tia sukari vijiko vya chai 6. ④ Tia chumvi kijiko cha chai 1/2. ⑤ Koroga mpaka viyeyuke. ⑥ Tumia ndani ya saa 24. ⑦ Kinachobaki mwaga.

Maneno hayakuguswa. Vipimo vimebaki na tarakimu za kawaida, hatua zimehamia kwenye duara, na hata nukta zote zikifutika hakuna atakayedhani kwamba ④ ni sehemu ya vijiko. (Kijiko hapa ni cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, si chenye kilima. Hilo nalo linafaa kuandikwa kwenye karatasi yenyewe.)

Duara hizi si picha zilizochorwa kisha zikabandikwa. Ni herufi kamili kama A au ng'ombe wa kwenye emoji, kila moja ikiwa na nambari yake katika Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi ya dunia namba moja ya utambulisho. ① ni 2460, ② ni 2461, na zinaendelea kwa mpangilio mpaka ⑳. Kwenye programu ya Word ya Windows mtu huandika 2460, kisha palepale, bila kuacha nafasi, anabonyeza Alt na X kwa pamoja. Zile tarakimu nne zinageuka ①. LibreOffice nayo inaitikia hivyo hivyo. Kwenye Google Docs njia ni kutafuta Special characters ndani ya menyu ya Insert, halafu kuandika "circled digit" kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kuna mitego miwili midogo hapo ambayo huwashinda wengi mara ya kwanza. Wa kwanza ni hesabu. ⑩ ni 2469, na mtu mwenye mantiki zake ataandika 2470 akitegemea kupata ⑪. Atapata ⑰. Sababu ni kwamba namba za Unicode huhesabiwa kwa alama kumi na sita, si kumi: baada ya 9 zinakuja A, B, C, D, E na F. Kwa hiyo ⑪ ni 246A, ⑫ ni 246B, na hesabu inakwenda hivyo mpaka ⑯ ambayo ni 246F. Ndipo 2470 inaingia kama ⑰, na ⑳ inakuwa 2473.

Wa pili unatokana na huo wa kwanza. Kwa kuwa A hadi F ni sehemu ya hesabu, Word ikikuta "hatua2460" bila nafasi katikati inaichukua ile a ya mwisho wa neno kuwa tarakimu mojawapo. Inatafuta herufi namba A2460, haipo, na mwandishi anabaki na kijisanduku kitupu huku akiilaumu kompyuta. Nafasi moja kabla ya kuandika 2460 inatosha.

Kazi huwa ngumu zaidi pale karatasi inapokuwa imeshaandikwa na mtu anataka kubadilisha namba zote kwa mkupuo. Kishawishi ni kufungua dirisha la Replace, kuandika 1 juu na ① chini, kisha kubofya Replace All. Kwa karatasi ya muuguzi wetu matokeo ni "lita ①" na "kijiko cha chai ①/②", na saa 24 inakuwa "saa ②④". Kipimo kimevalishwa sare ya hatua, na mkanganyiko umekuwa mkubwa kuliko ule uliokusudiwa kuondolewa. Kama hatua zinafika kumi, "10" nayo imekuwa "①0".

Ikiwa kila hatua imeanza mstari wake, kinachotafutwa kisiwe tarakimu tupu bali tarakimu pamoja na mahali ilipo. Kwenye Word alama `^p` inamaanisha mwisho wa aya, kwa hiyo mtu hutafuta na kubadilisha hivi:

```
Find what:     ^p3. 
Replace with:  ^p③ 
```

Baada ya nukta kuna nafasi moja, na nafasi hiyo ni sehemu ya kinachotafutwa. Sasa 3 ya ndani ya sentensi haiguswi, kwa kuwa haikutanguliwa na mwisho wa aya. Ile ya kwanza kabisa, kama iko juu kabisa ya karatasi bila aya kabla yake, hubadilishwa kwa mkono. Kwa hatua saba kazi yote haifiki dakika tano. Kama hatua zimeandikwa mfululizo kama zile za muuguzi, ni salama zaidi kubadilisha moja moja kwa macho.

Wakati mwingine Word inajibu kwamba haikuona kitu, ilhali 3 inaonekana wazi kwenye skrini. Maana yake ni kwamba namba hizo hazikuandikwa na mtu. Word yenyewe iliziweka pale mwandishi alipoandika "1." akabonyeza nafasi, na kwa mtazamo wa programu si maandishi bali ni pambo la aya. Ukibofya juu ya namba yenyewe ikaingia kivuli cha kijivu, jibu ni hilo. Hapo hakuna haja ya kutafuta na kubadilisha. Bofya kishale kilicho pembeni ya kitufe cha namba, chagua Define New Number Format, na kwenye orodha ya Number style chagua ile inayoonyesha ①, ②, ③. Futa pia ile nukta inayofuata namba, maana duara na nukta pamoja ni kofia juu ya kofia. Kwenye baadhi ya kompyuta mtindo huo hauonekani mpaka Kijapani au Kichina kiongezwe kwenye lugha za kuandikia za Office.

Kutajwa kwa Kijapani hapo si kwa bahati mbaya. Wajapani ndio wanaozitumia duara hizi kila siku, kuanzia mitihani ya shule hadi maelekezo ya kuwashia jiko la umeme. Wana hata namna ya kuzitamka: ① ni *maru-ichi*, yaani "duara moja". Lakini wao pia walionja shubiri yake. Orodha rasmi ya herufi za kompyuta iliyotolewa Japani mwaka 1978 haikuwa na namba za duara. Kampuni ya NEC ikaziongeza yenyewe kwenye nafasi zilizokuwa wazi, na Windows ya Kijapani ikafuata nyayo hizo. Apple nayo ilizijaza nafasi zile zile, ila kwa herufi tofauti. Ikawa mtu akiandika ①, ②, ③ kwenye Windows na kumtumia mwenzake mwenye Macintosh, yule anaona ㈰, ㈪, ㈫: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Hatua ya kwanza ya maelekezo imegeuka siku ya mapumziko. Kwa miaka mingi Wajapani walifundishana kuziepuka kwenye barua pepe, na herufi za namna hiyo wakaziita herufi zinazotegemea mashine. Orodha mpya ya mwaka 2000 ilizipa nafasi rasmi, na kuenea kwa Unicode kukamaliza ugomvi huo.

Huku kwetu ugomvi wa aina hiyo bado upo, na mahali pake ni dukani kwa mtu wa steshenari. Muuguzi amemaliza karatasi kwenye kompyuta ya zahanati, ameiweka kwenye flashi, na dukani ikifunguliwa duara zote zimekuwa visanduku vitupu. Maandishi hayajaharibika. Kinachokosekana ni fonti. Fonti nyingi zinazotumika kila siku, Times New Roman, Arial na Calibri zikiwamo, hazina duara hizi. Word huziazima kimyakimya kutoka fonti nyingine iliyomo kwenye mashine, kwa mfano Segoe UI Symbol au MS Gothic, bila kumwambia mtu. Mashine ya dukani ikiwa haina fonti hiyo wala nyingine ya kuazima, inachora kisanduku. Wachapaji huviita visanduku hivyo tofu, kwa kufanana na vipande vya jibini la soya, na Google ilipotengeneza familia ya fonti za kuviondoa iliiita Noto, kifupi cha "hakuna tofu".

Kinga ni kutopeleka faili la Word. Hifadhi kama PDF, ambayo husafiri na fonti zake ndani. Kuhakikisha, fungua PDF hiyo kwenye Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, nenda kwenye ukurasa wa Fonts. Kila jina la fonti linapaswa kufuatiwa na neno Embedded au maneno Embedded Subset. Jina lisilo na neno Embedded ndilo linaloweza kuleta tofu dukani.

Ipo njia ya mkato ambayo wengi huijua, nayo ni fonti ya Wingdings, yenye duara za 1 hadi 10 zilizokolea vizuri. Ni mtego. Duara za Wingdings si herufi za Unicode, ni herufi nyingine zilizovishwa kinyago. Fonti ikibadilishwa, au maandishi yakinakiliwa kupelekwa kwenye simu, kinyago kinadondoka na hatua ya tatu inageuka alama isiyoeleweka hata na aliyeiandika.

Huko kuazima fonti kuna alama nyingine inayoonekana hata kabla ya kwenda dukani: mistari yenye duara inaachana zaidi kuliko mingine. Fonti iliyoazimwa huwa na kimo chake, na Word hupanua mstari ili iingie. Ikitokea imeazima kutoka Cambria Math, mstari mmoja unaweza kuchukua nafasi ya mistari kadhaa, na karatasi ya nusu ukurasa ikamwagikia upande wa pili. Weka kishale cha maandishi kando ya duara na utazame kisanduku cha jina la fonti, utalikuta jina geni. Zichague duara zote, uzipe fonti moja unayoijua, kisha kwenye Paragraph badilisha Line spacing iwe Exactly. Kwa maandishi ya pointi 12, pointi 16 hadi 18 zinatosha.

Baada ya hapo kuna suala la macho. Duara lote hubanwa ndani ya nafasi ya herufi moja, kwa hiyo tarakimu iliyomo ndani hubaki na kiasi cha nusu hadi theluthi mbili ya kimo cha tarakimu ya kawaida. Kwenye maandishi ya pointi 12, ile 3 ya ndani ya ③ inakuwa sawa na namba ya pointi 6 hadi 8. Muuguzi akiandaa A4 nzima kisha akaiomba fotokopi iipunguze kwa asilimia 71 ili iwe A5, namba hiyo inashuka kufikia pointi 4 hadi 6. Bibi aliyeletewa mjukuu hataisoma. Zenye tarakimu mbili ni mbaya zaidi: ⑫ ina tarakimu mbili zilizobanana ndani ya duara lile lile, na ⑯ na ⑱ hutofautiana kwa unywele.

Suluhisho ni kukuza duara peke yake. Maandishi yabaki pointi 12, duara ziwe 18, halafu zishushwe pointi 2 kwa Font, Advanced, Position, Lowered, ili zisielee juu ya mstari. Duara kubwa pembeni lina faida nyingine: jicho linazikuta hatua bila kutafuta.

Wapenda mapambo huchagua duara jeusi lenye namba nyeupe, ❶ ❷ ❸. Hizi zina asili yake ya heshima, zimetoka kwenye seti ya mapambo ya uchapaji aliyoisanifu Mjerumani Hermann Zapf, ikatolewa mwaka 1978. Kwenye karatasi inayotoka moja kwa moja kwenye printa nzuri zinapendeza kuliko zote. Kwenye fotokopi ni habari nyingine. Wino wa unga ukizidi, weupe wa ndani unazibwa, na ❻, ❽ na ❾ zote zinakuwa doa. Wino ukipungua, duara linapauka katikati na namba inapotea pamoja nalo. Kwa karatasi itakayotolewa nakala ya nakala ya nakala, duara jepesi ndilo linalodumu, kwa sababu hata mstari wake ukikatika tarakimu inabaki. Kipimo chake ni rahisi: toa nakala moja, ya pili itoe kwenye hiyo nakala, ya tatu kwenye ya pili. Kama kwenye ya tatu ⑥ na ⑧ bado zinatofautiana ukiwa umeishika karatasi kwa urefu wa mkono, ipeleke ikachapwe.

Kuna karatasi ambazo duara hazifai kabisa. Mtu yeyote aliyepita shule anakumbuka agizo la mtihani: zungushia duara herufi ya jibu sahihi. Kwa wasomaji wetu duara lina maana ya "hili ndilo lililochaguliwa". Fomu au dodoso lenye majibu yaliyopewa ① ② ③ litaonekana limeshajazwa na mtu mwingine, au litamfanya anayejaza ashindwe kujua azungushie nini. Pia hatua zikipita 20 mpango huu unaanza kuyumba. Duara za 21 hadi 50 zipo, ziliongezwa kwenye Unicode mwaka 2002, lakini zimewekwa mbali na zile za kwanza na fonti zilizo nazo ni chache. Tena, kwa karatasi ya kumpa mtu aende nayo nyumbani, kufika hatua ya 21 ni ishara kwamba zilikuwa karatasi mbili.

Namba hizi pia hazitafutiki kirahisi. Anayeandika 3 kwenye kisanduku cha kutafutia cha Word hataletewa ③. Programu zinazomsomea kwa sauti asiyeona hutofautiana: nyingine hutamka duara na namba yake, nyingine huruka kimya kana kwamba hakuna kitu. Nakala ya kompyuta itakayotumiwa na watu hao ni heri ibaki na 1, 2, 3 za kawaida, kila hatua kwenye mstari wake, na duara ziachiwe karatasi.

Muuguzi alipomaliza, mwenzake alipendekeza maelezo yale yale yatumwe kwa ujumbe mfupi wa simu kwa akina mama waliokwisha kuandikishwa. Hapo duara zikageuka gharama. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, lakini kwa seti maalumu ya herufi ambamo ① haimo. Duara moja tu likiingia, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70. Hatua zake saba, zenye herufi kama 200, zilizokuwa zinaingia kwenye ujumbe mbili, zikahitaji tatu. Kwenye toleo la simu aliandika "Kwanza", "Pili", "Tatu", na vipimo vikabaki na tarakimu.